Milioni tano, au milioni nane?

Chukua matangazo mawili ya viwanja vya Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam. Nimeyatunga kwa kufuata yale yanayosambazwa kila siku. La kwanza: "Kiwanja 20 kwa 20, gari linafika, umeme upo jirani, hati ipo, milioni 5, maongezi yapo." La pili: "Mita za mraba 400, kimepimwa, hati ya jina la muuzaji, barabara ya mita 8, nguzo iko mita 25, milioni 8." Wengi watampigia dalali wa kwanza.

Muulize kwanza: ishirini ya nini? Mara nyingi ni hatua. Ekari huhesabiwa hatua 70 kwa 70, kwa hiyo hatua moja ni kama sentimita 91. Ishirini kwa ishirini ya hatua ni mita za mraba 331 hivi, si 400.

Kisha "gari linafika." Linafika leo, pengine kwa kukatiza kiwanja cha jirani ambaye bado hajajenga. Siku mtaa ukipimwa, barabara itatafutwa, na kila mmoja atamegewa mbele. Ukikatwa mita 2 tu, unabaki na 295.

Umeme "jirani" hauna maana bila mita. Kwa viwango vya TANESCO vilivyorudishwa Januari 2022, mteja wa mjini aliye ndani ya mita 30, asiyehitaji nguzo, hulipa shilingi 320,960. Akihitaji nguzo mbili, 696,670. Tukichukulia kuwa kiwanja cha kwanza kinahitaji nguzo mbili, ongeza 375,710.

Sasa gawanya. Cha kwanza kinatoka kama shilingi 18,200 kwa mita ya mraba, cha pili 20,000. Ile tofauti ya milioni 3 imebaki 1,800 kwa mita, yaani kama 720,000 kwa eneo la mita 400.

Hapo hatujagusa hati, na ndiyo yenye uzito. "Hati ipo" huweza kuwa hati ya shamba zima lililokatwa vipande. Wewe utapewa karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa. Karatasi hiyo inaonyesha mmeuziana, haionyeshi kwamba muuzaji ndiye mmiliki. Hata "kimepimwa" si hati: kinaweza kuwa na mawe ya mipaka na namba, lakini umiliki haujasajiliwa. Tangazo la maana litaje namba ya kiwanja, kitalu na jina lililo kwenye hati. Kwa hayo unaweza kwenda ofisi ya ardhi kuomba upekuzi, ukajua kama kina rehani ya benki au zuio la mahakama.

Mimi ningeenda kukagua cha milioni nane. Cha milioni tano ningekifikiria tu dalali akinitumia namba ya kiwanja, na nisingelipa hata kishika uchumba kabla ya majibu ya upekuzi.