Miaka Sita Iliyopita, Mtoto Alikuwa Amezaliwa?

Fumbo la umri ni swali ambalo karibu kila aliyepita darasani amewahi kukutana nalo. Chukua hili: miaka 6 iliyopita, umri wa mama ulikuwa mara 5 ya umri wa mwanawe. Miaka 12 ijayo, umri wa mama utakuwa mara 2 ya umri wa mwanawe. Je, sasa kila mmoja ana miaka mingapi?

Wanafunzi wengi huhangaika na swali la namna hii, hupata jibu, hulipigia mstari chini, kisha hufungua ukurasa mwingine. Na hapo ndipo wanapojinyima nafasi isiyopatikana katika kila hesabu. Fumbo la umri huja na mtihani wake ndani yake. Masharti yaliyotumika kulitunga ndiyo hayohayo yanayoweza kulipima jibu, na kazi ya kulipima haichukui hata dakika mbili.

Kwanza swali lenyewe lifumbuliwe. Umri wa mama sasa uitwe m, na wa mtoto t. Miaka 6 iliyopita mama alikuwa na m − 6 na mtoto alikuwa na t − 6, kwa hiyo sharti la kwanza linatoa mlinganyo m − 6 = 5(t − 6). Miaka 12 ijayo wote wawili watakuwa wameongezewa 12, basi sharti la pili linatoa m + 12 = 2(t + 12). Mabano yakifunguliwa, wa kwanza unakuwa m = 5t − 24, na wa pili m = 2t + 12. Kwa kuwa m ni ileile, 5t − 24 ni sawa na 2t + 12, yaani 3t = 36. Mtoto ana miaka 12 na mama ana miaka 36.

Sasa kalamu isiwekwe chini. Swali lisomwe upya, pole pole, mkononi mkiwa na namba mbili tu: 36 na 12. "Miaka 6 iliyopita": mama alikuwa na 30, mtoto alikuwa na 6. Je, 30 ni mara 5 ya 6? Ndiyo. "Miaka 12 ijayo": mama atakuwa na 48, mtoto atakuwa na 24. Je, 48 ni mara 2 ya 24? Ndiyo. Masharti yalikuwa mawili, na yote mawili yametimia. Tena kuna ushahidi wa ziada ambao hakuna aliyeuomba: tofauti ya umri wa mama na mwana ni miaka 24 leo, ilikuwa 24 wakati ule, na itakuwa 24 wakati ujao. Watu wawili hawawezi kuachana zaidi kiumri wala kukaribiana, na tofauti ikibadilika kati ya mistari ya uhakiki, basi mmoja wao ameongezewa au amepunguziwa miaka na mwenzake amesahaulika.

Kilichorudishwa hapa kimerudishwa kwenye maneno ya swali, si kwenye milinganyo. Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana.

Mfikirie mwanafunzi aliyesoma haraka. Amemrudisha mama nyuma miaka 6, lakini mtoto amemwacha pale alipo, akaandika m − 6 = 5t. Mlinganyo wa pili ameuandika sawasawa. Akiifumbua miwili hiyo bila kosa lolote la hesabu, anapata t = 2 na m = 16. Ni mwangalifu, kwa hiyo anaamua kuhakiki, na anaziingiza namba zake kwenye milinganyo aliyoiandika. Upande wa kushoto, 16 − 6 ni 10. Upande wa kulia, 5 × 2 ni 10. Kwenye wa pili, 16 + 12 ni 28, na 2 × 14 ni 28. Kila kitu kinakubali. Anaweka alama ya vema na kuendelea na maisha yake, na jibu ni baya kabisa.

Angerudi kwenye maneno, kosa lingejitokeza katika mstari wa kwanza. Mtoto mwenye miaka 2 leo, miaka 6 iliyopita alikuwa na umri gani? Alikuwa hajazaliwa. Hakuna mama ambaye umri wake ni mara 5 ya umri wa mtu ambaye hayupo duniani. Milinganyo haikuweza kumwonya kwa sababu kosa lilikuwa limekwisha kuingia ndani yake, na alichopima ni kama hesabu zake zinafuata alichoandika. Hakupima kama alichoandika kinafuata alichoulizwa. Fundi cherehani anayejua kazi humvalisha mteja gauni lililoshonwa. Hatosheki kulilinganisha na vipimo alivyoviandika mwenyewe daftarini, maana huenda vipimo ndivyo vilivyokosewa.

Kosa jingine ni la kawaida hata zaidi, nalo linatoka kwenye mabano. Mwanafunzi anaandika vizuri m + 12 = 2(t + 12), lakini katika kufungua mabano, 2 inamgusa t peke yake na kuiruka 12. Inabaki m + 12 = 2t + 12, yaani m = 2t. Ukiunganisha na m = 5t − 24, jibu ni t = 8 na m = 16. Hapa mtoto alikwisha kuzaliwa miaka 6 iliyopita. Alikuwa na miaka 2. Mama alikuwa na 10. Kumi ni mara 5 ya 2, kwa hiyo sharti la kwanza limetimia barabara, na anayehakiki kwa pupa angeishia hapo akiwa ameridhika. Lakini miaka 12 ijayo mama atakuwa na 28 na mtoto 20, na mara 2 ya 20 ni 40. Sharti la pili limevunjika. Mwenye jicho angeshtuka hata mapema, kwa kuwa mama huyu amemzidi mwanawe miaka 8 tu.

Ndiyo maana kila sharti lazima liulizwe peke yake. Sharti moja lina majibu mengi yanayolipendeza. Sharti la kwanza la fumbo hili linaridhika na mama wa 16 na mtoto wa 8, wa 21 na wa 9, wa 26 na wa 10, wa 31 na wa 11, na kadhalika. Kati ya jozi zote hizo, moja tu inaridhisha na sharti la pili, nayo ni 36 na 12. Jibu linalopita sharti moja na kuanguka kwenye jingine halijakaribia kuwa sahihi. Ni jibu la swali jingine.

Hata hivyo, kuanguka kwenyewe kuna faida. Katika mfano wa mabano, sharti la kwanza lilipita na la pili likagoma. Mwanafunzi ana sababu nzuri ya kuanza kutafuta kosa kwenye mstari uliotokana na sharti la pili, badala ya kufuta ukurasa mzima na kuanza upya. Mwalimu anayesahihisha pia hupata mwanga: anaona mara moja kwamba huyu anaelewa maana ya "miaka 6 iliyopita", ila anahitaji msaada kwenye mabano.

Lipo pia kosa ambalo hesabu zake zote ni safi. Mwanafunzi anaamua kwamba herufi yake isimame badala ya umri wa mtoto wa miaka 6 iliyopita, uamuzi mzuri kwa sababu hesabu zinakuwa nyepesi. Anapata 6, na kwa furaha anaandika kwamba mtoto ana miaka 6 na mama ana miaka 30. Namba hizo ni za kweli, lakini ni za zamani. Zikirudishwa kwenye swali kama umri wa sasa, miaka 6 iliyopita mtoto alikuwa na 0 na mama 24, na mara 5 ya 0 haiwezi kuwa 24. Uhakiki umemkumbusha kwamba bado ana hatua moja: kuwaongezea wote wawili miaka 6.

Fumbo la umri lenye sifa kubwa kuliko yote linamhusu Diofanto, mwanahisabati wa Aleksandria, na limehifadhiwa katika mkusanyo wa kale wa mashairi ya Kigiriki. Linasimulia kwamba moja ya sita ya maisha yake ilikuwa utoto, ikapita moja ya kumi na mbili kabla ya kuota ndevu, ikapita moja ya saba kabla ya kuoa. Baada ya miaka 5 alipata mtoto wa kiume, ambaye aliishi nusu ya umri wa baba yake, na baba akafariki miaka 4 baada ya mwanawe. Wajanja huruka aljebra na kutafuta namba inayogawanyika kwa 6, 7 na 12 bila baki, nao hukimbilia 84. Lakini 168 nayo inagawanyika hivyohivyo. Kinachoamua ni kurudisha namba kwenye maisha ya mtu huyo. Kwa 84, utoto ni miaka 14, kisha 7, kisha 12, jumla 33. Mtoto anazaliwa baba akiwa na 38. Mtoto anaishi 42 na baba anafika 80. Miaka 4 baadaye baba ana 84. Kwa 168, vipande hivyohivyo vikijumlishwa vinafika 159 tu. Miaka 9 haijulikani ilikwenda wapi.

Fumbo hilohilo linaonyesha mpaka wa njia hii. Je, "nusu ya umri wa baba" ni nusu ya maisha yote ya baba, au nusu ya umri aliokuwa ameufikia siku mwanawe alipofariki? Akichukua maana ya pili, msomaji hupata kwamba Diofanto aliishi miaka 65 na miezi 4, na jibu hilo nalo, likirudishwa kwa maana hiyo, linapita kila sharti. Uhakiki hulipima jibu kwa jinsi swali lilivyoeleweka. Ukilisoma vibaya mara ya kwanza na ukalisoma vibaya vilevile mara ya pili, hautakuokoa. Wala hausemi kama lipo jibu jingine. Unathibitisha tu kwamba hili ulilonalo linafaa.

Kwa hiyo walimu na wazazi wanaokaa na watoto juu ya daftari la Hisabati waombe kitu kimoja zaidi chini ya jibu: mstari mmoja kwa kila sharti, ulioandikwa kwa maneno na namba tupu, bila herufi m wala t. "Miaka 6 iliyopita: mama 30, mtoto 6, na 30 = 5 × 6. Miaka 12 ijayo: mama 48, mtoto 24, na 48 = 2 × 24." Mtoto auandike akitazama swali lilivyochapwa, huku milinganyo yake imefunikwa kwa karatasi.