PCV Mbili za Mtoto Mmoja

Rasimu ya ripoti ya kitabibu inamzungumzia mtoto wa miaka mitatu aliyelazwa kwa malaria kali. Aya ya pili inasema mtoto alikuwa amekamilisha PCV. Aya ya nne inasema PCV yake ilikuwa asilimia 14, akaongezewa damu. PCV ya kwanza wazazi wengi wameiona kwenye kadi ya kliniki: ni chanjo ya kukinga nimonia. Ya pili ni kipimo cha maabara, yaani sehemu ya damu inayojazwa na chembe nyekundu. Daktari aliyeandika hakuona tatizo, maana kichwani mwake chanjo na damu havijawahi kugongana. Vitagongana kichwani mwa msomaji.

Rasimu hii nimeitunga mwenyewe kwa ajili ya makala haya, ila makosa yake ni ya aina zinazozifikia meza za wahariri wa majarida ya tiba kila mara. Ripoti ya namna hiyo husimulia mgonjwa mmoja: alivyofika, vipimo vilivyosema nini, alitibiwaje, akaishia wapi. Kwetu nyingi huandikwa kwa Kiingereza, na kabla hazijachapishwa mtu huzisoma prufu. Anayeijua kazi hiyo hasomi mara moja akitafuta kila kosa kwa pamoja. Husoma mara ya kwanza kwa ajili ya vifupisho, akarudi kwa ajili ya majina ya dawa, kisha akarudi tena kwa ajili ya namba na vizio vyake.

Kanuni ya vifupisho inajulikana: andika jina zima mara ya kwanza, weka kifupisho chake kwenye mabano, kisha endelea na kifupisho. Ugumu uko kwenye hiyo “mara ya kwanza”. Ikisiri huhesabiwa kuwa andiko linalojitegemea, kwa sababu watu wengi huisoma peke yake mtandaoni bila kufungua ripoti. Kwa hiyo kifupisho kilichofafanuliwa kwenye ikisiri hufafanuliwa upya katika matini, na kila jedwali hubeba ufafanuzi wake chini yake. Mwandishi anapohamisha aya, ufafanuzi huhama nayo, na kifupisho hujikuta kimetangulia maelezo yake. Dawa yake ni karatasi pembeni: kila kifupisho unachokutana nacho kiandike, pamoja na ukurasa kilikofafanuliwa na kila mahali kinapotumika. Karatasi hiyo ndiyo inayofichua kwamba PCV imetokea mara mbili kwa maana mbili. Pia hufichua kifupisho kilichofafanuliwa kwa mbwembwe halafu hakikutumika tena. Hicho kifutwe, libaki jina zima. Kwa PCV ya chanjo, iliyotajwa mara moja tu, nami ningependekeza hivyo hivyo: iandikwe chanjo ya nimokoka kwa ukamilifu wake, kifupisho waachiwe watu wa maabara. Vizio kama “mg” na “mL” havihitaji kufafanuliwa.

Kwenye dawa, jambo la kwanza ni kutumia jina la kitaalamu badala ya jina la biashara. Shirika la Afya Duniani lilichapisha orodha ya kwanza ya majina ya kimataifa ya dawa mwaka 1953, ili daktari wa Mombasa na wa Lima wasomapo jina moja waelewe dawa moja. Hata hivyo, Marekani parasetamoli huitwa “acetaminophen”, basi jarida la huko litataka hilo. Jina la kitaalamu huanza kwa herufi ndogo, la biashara kwa herufi kubwa. Hadi hapo kazi ni nyepesi.

Tabu huanza pale majina mawili sahihi yanapofanana. Kirekebishaji tahajia cha kompyuta hakitapiga mstari mwekundu chini ya “cefotaxime” hata kama mtoto alipewa “ceftriaxone”, kwa sababu yote mawili yameandikwa sawasawa. Katika rasimu yetu, aya ya tatu inasema mtoto alichomwa “artesunate” kwenye mshipa. Aya ya tano inasema sindano tatu za “artemether” zilimalizika, akaanzishiwa vidonge vya “artemether–lumefantrine”. Dawa zote tatu zipo kweli, na zote ni za malaria. “Artemether” ya sindano hupigwa kwenye msuli na dozi yake ni tofauti, kwa hiyo ile ya aya ya tano inatiliwa shaka. Vidonge viko sawa: ndiyo dawa mseto inayotolewa mgonjwa wa malaria kali anapoweza kumeza. Sasa mtu mwenye haraka akiamuru kompyuta ibadilishe kila “artemether” iwe “artesunate”, ataponya sindano na kuharibu vidonge, maana itatokea “artesunate–lumefantrine”. Majina ya dawa hubadilishwa moja moja, kwa macho.

Kwenye vizio kuna uchafu mdogo unaosafishwa bila mjadala. “Kg” huwa “kg”, kwani K kubwa ni ya kelvini. “Gm” huwa “g”. “Mls” hupoteza s yake, maana alama za vizio hazina wingi wala nukta. Sukari ya damu iliyoandikwa “2.1” bila kizio huulizwa. Kama ni “mmol/L”, mtoto yuko hatarini, na kwa “mg/dL” ingesomeka kama 38.

Kosa baya zaidi hutokana na herufi moja. Rasimu inasema kreatinini, inayoonyesha hali ya figo, ilikuwa “290 mmol/L”. Hakuna mwili ulio hai wenye kiasi hicho. Ilikusudiwa “290 µmol/L”, na tofauti ni mara elfu. Mara nyingi kosa hili huingia hivi: mwandishi anachagua fonti ya Symbol, anachapa m, na skrini inamwonyesha µ. Matini ikihamishiwa mfumo wa jarida wenye fonti nyingine, m inabaki m. Kwenye kreatinini upuuzi unajionyesha wenyewe. Kwenye dozi ya levothairoksini, “50 µg” ikigeuka “50 mg”, msomaji asiyeijua dawa hiyo atapita tu. Kutafuta alama hiyo kwa kompyuta nako kuna mtego: alama ya maikro (U+00B5) na herufi ya Kigiriki (U+03BC) zinafanana kwa jicho, lakini kwa kompyuta ni mbili, hivyo itafutwe kila moja.

Mwisho ni hesabu. Rasimu inasema mtoto alikuwa na kilo 14 na alipewa 2.4 mg/kg ya artesuneti, jumla miligramu 42. Zidisha: 14 mara 2.4 ni 33.6. Miligramu 42 inatoka kwenye 3 mg/kg, ambacho ndicho kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa mtoto aliye chini ya kilo 20. Kishawishi cha kufuta 2.4 na kuandika 3 ni kikubwa, na hapo ndipo msoma prufu anapopaswa kuishika mikono yake. Mwongozo unaeleza dozi aliyostahili kupewa. Aliyopewa kweli imo kwenye faili lake. Kwa hiyo pambizoni anaandika: “Swali kwa mwandishi: kilo 14 kwa 2.4 mg/kg ni 33.6 mg, si 42 mg. Tafadhali angalia faili: ni namba ipi yenye kosa?”

Faili likionyesha 42, inasahihishwa 2.4 na kazi imekwisha. Likionyesha 33.6, basi mtoto alipewa dozi pungufu. Namba hiyo itachapishwa ilivyo, na ile sentensi ya mjadala inayodai kwamba matibabu yalifuata mwongozo itabidi daktari aiandike upya mwenyewe.