Nyumba moja au tatu?

Mwanafunzi wa usanifu majengo anayetaka kuandika tasnifu juu ya nyumba za kale za Mji Mkongwe, Zanzibar, huulizwa mapema na msimamizi wake: utachunguza nyumba moja au kadhaa? Wengi hukimbilia kadhaa, wakiamini kuwa nyumba kumi zina uzito kuliko moja. Nadhani hapo wanakosea njia. Idadi huamuliwa na dai unalotaka kulithibitisha.

Tuchukue dai linalosikika sana: kwamba ua wa ndani ndio unaopoza vyumba vya chini. Mwanafunzi anachagua nyumba moja na kuweka vifaa vinne vya kurekodi joto na unyevu: kimoja nje kivulini, kimoja uani, kimoja katika chumba cha chini, kimoja ghorofa ya juu chini ya mabati. Vinarekodi kila baada ya dakika 15, kwa wiki tatu za kaskazi, wakati joto limepanda. Tuseme grafu zinaonyesha kuwa joto la chumba cha chini halifikii kilele cha nje, na kilele chake kinachelewa kwa saa kadhaa.

Je, ua umethibitika? Bado. Kuta za nyumba hizi ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na unene wake hufika karibu nusu mita. Ukuta mzito hunyonya joto mchana na kulitoa polepole, kwa hiyo kilele kilichochelewa huenda ni kazi ya ukuta. Ua na ukuta vimekaa pamoja katika nyumba ileile, na kupima tu hakuvitenganishi.

Hata hivyo nyumba moja haijaishiwa ushahidi. Kwa ruhusa ya wenye nyumba, madirisha na milango inayoelekea uani ifungwe siku mbili, ifunguliwe siku mbili, na zamu hizo zirudiwe. Daftari liwekwe la kuandika nani alipika, feni iliwashwa lini, mvua ilinyesha saa ngapi. Ikiwa kilele cha chumbani hakibadiliki kati ya siku za kufunga na za kufungua, dai la ua limedhoofika sana. Kikibadilika, tena mara kwa mara, umeona ua ukifanya kazi katika nyumba hiyo, na unaweza kueleza namna na saa zake. Hii ndiyo nguvu ya nyumba moja: inafuatilia sababu hatua kwa hatua.

Nguvu yake ya pili ni kutikisa madai ya jumla. Mtafiti wa Denmaki, Bent Flyvbjerg, ameitetea hoja hii kwa bidii: ukichagua kifani ambacho dai lina nafasi kubwa kuliko kwingine kote ya kuonekana kweli, na hata hapo likashindwa, una sababu nzuri ya kulitilia shaka kwingine pia. Basi chagua nyumba yenye ua mpana unaopata upepo. Kile ambacho nyumba moja haiwezi kukisema ni nyumba ngapi za mji ziko hivyo.

Nyumba kadhaa zina kazi nyingine. Robert Yin wa Marekani, ambaye kitabu chake juu ya uchunguzi kifani husomwa sana vyuoni, anasisitiza kuwa vifani huongezwa kama majaribio yanavyorudiwa, wala si kama wahojiwa wanavyoongezwa kwenye dodoso. Kwa swali letu, nyumba ya pili iwe na kuta nene bila ua; ya tatu iwe na ua lakini kuta za matofali ya saruji ya inchi sita. Utabiri uandikwe kabla ya kupima: kama ukuta ndio sababu, ya pili itafanana na ya kwanza, na ya tatu itapata joto mapema. Zote zipimwe siku zilezile. Ukipima moja Februari na nyingine Aprili masika yakiwa yameingia, tofauti utakayoiona yaweza kuwa ya hewa tu.

Tasnifu iliyopotea njia hujulikana kwa jedwali la asilimia lililotokana na nyumba kumi, ambazo zilichaguliwa kwa kuwa wenyewe walikubali kufungua mlango. Dalili nyingine ni sura moja kwa kila nyumba bila sura inayozisoma pamoja.

Kwa shahada ya uzamili yenye msimu mmoja tu wa joto, ningependekeza nyumba moja iliyochimbwa kwa kina, na ya pili ikiwa tu inatofautiana nayo kwa jambo lile linaloulizwa. Mwenye nyumba ya pili akibadili nia katikati ya vipimo, tasnifu haijafa. Sentensi ya hitimisho ndiyo inayobadilika. Badala ya kuandika kuwa ua hupoza nyumba za Mji Mkongwe, mwanafunzi ataandika kuwa katika nyumba hii, kwa msimu huu, kufungua milango ya uani kulipunguza joto la chumba cha chini kwa kiasi alichokipima.