Jina Lililo Mbele ya Tabasamu

"Nikibadilisha majina ya vigeu vyote, bado itahesabika nimenakili?"

Kila likizo swali hili hunifikia kutoka Kayanga, Omurushaka na Nkwenda. Wanaouliza ni vijana wanaosoma usalama wa mitandao vyuoni, wamerudi nyumbani na kazi ya maabara ambayo haijakamilika. Jibu ni ndiyo, umenakili. Nimelijibu mara nyingi mno, nalo hurudi likiwa limevaa nguo nyingine: nikiondoa maelezo ya mwandishi? Nikigeuza mpangilio wa mistari? Nikiandika upya kwa lugha nyingine ya programu? Ndiyo, ndiyo, ndiyo. Sasa tuone kwa nini, maana wengi hudhani mhadhiri anasoma majina ya vigeu.

Chukua zoezi ambalo karibu kila mwanafunzi wa fani hii hulipitia. Mwishoni mwa Juni 2011, mtu asiyejulikana alipachika mlango wa nyuma ndani ya faili la kupakua la vsftpd 2.3.4, programu ya seva ya FTP. Uligunduliwa siku chache baadaye, mwanzoni mwa Julai. Mlango wenyewe una ufunguo wa mzaha: jina la mtumiaji likiwa na alama ya tabasamu, yaani `:)`, seva hufungua poti 6200 na kumpa mgeni mamlaka yote. Udhaifu huo umesajiliwa kama CVE-2011-2523, na mashine ya mazoezi iitwayo Metasploitable 2 imewekewa toleo hilohilo kwa makusudi.

Mlango unachohitaji ni tabasamu tu. Neno linalotangulia ni hiari ya mwandishi wa msimbo, na hapo ndipo wanafunzi wanaponaswa. Mwongozo wa Rapid7 wa Metasploitable 2 umeandika `backdoored:)`. Moduli ya Metasploit hutunga herufi za kubahatisha kila inapoendeshwa. Msimbo wa Python uliowekwa Exploit-DB mwaka 2021, wenye namba 49757, hutuma hivi:

```python
user="USER nergal:)"
```

Basi kijana ananiletea msimbo wake "mwenyewe". `host` imekuwa `shabaha`, `user` imekuwa `mtumiaji`, kichwa chenye jina la mwandishi kimefutwa, na katikati kabisa amekaa Nergal, mungu wa kale wa Babeli. Namuuliza ni nani huyo. Kimya. Huko ni kuhamishia kahawa ya jirani kwenye gunia lako kisha kudai umeilima.

Hata Nergal akifutwa, hujapona. Programu ya MOSS, iliyoanza kutumika mwaka 1994 na inayoendeshwa Chuo Kikuu cha Stanford, haijali majina. Kabla ya kulinganisha, hutupa nafasi na maelezo, na majina yote uliyoyatunga huyageuza kuwa alama moja. Kisha hukata msimbo vipande vifupi vinavyopandiana, kila kipande hukigeuza namba, na huchagua baadhi ya namba hizo ziwe alama za vidole za faili. Usiku mzima wa kubadilisha majina hufutwa katika hatua ya kwanza.

MOSS ina mipaka, na niiseme kabla hamjanikimbilia nayo. Haitafuti mtandaoni, hulinganisha mafaili iliyopewa tu, kwa hiyo mhadhiri makini huweka misimbo ya Exploit-DB kwenye rundo. Pia hailinganishi Ruby na Python. Kuna wanaotafsiri moduli ya Metasploit, iliyoandikwa kwa Ruby, wakiamini wamepata upenyo. Mashine imekupita, sawa, lakini mtiririko wa hatua, muda wa kusubiri na ujumbe wa makosa bado ni vya waandishi wa moduli. Isitoshe, Metasploit imetolewa kwa leseni ya BSD, ambayo inaruhusu kutumia na kubadilisha kwa sharti la kubakiza tamko la hakimiliki. Ukilifuta umevunja leseni, mbali na kanuni za chuo.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba kwa kuficha chanzo mwanafunzi huficha na kazi yake. Msimbo huo 49757 unategemea maktaba ya `telnetlib`, ambayo iliondolewa kwenye Python 3.13 mwaka 2024. Ukiuendesha kwenye toleo hilo au jipya zaidi, unakufa mstari wa kwanza na ujumbe `ModuleNotFoundError`. Aliyeujaribu kweli atalazimika kuandika upya sehemu ya kuunganisha poti 6200, pengine kwa `socket`, na hilo ndilo la kupewa alama. Lakini mhadhiri atalionaje, ikiwa umedai msimbo wote ni wako? Na yule anayewasilisha `telnetlib` pamoja na picha ya skrini inayoonyesha Python 3.13 ameungama mwenyewe kwamba hakuendesha kitu.

Ripoti za maabara nazo zina yake. Mashine ya Metasploitable 2 ina zaidi ya megabaiti 800, na kwa bando la simu hilo ni jambo zito, kwa hiyo huku kwetu nakala moja husafiri kwa flashi kutoka Kayanga hadi Murongo. Sina ugomvi na hilo. Tatizo ni folda ya pili ndani ya flashi ileile, yenye ripoti ya kaka fulani wa mwaka uliopita.

Wahadhiri wenzangu, hapa nanyi msikurupuke. Ripoti mbili zikiwa na anwani 192.168.56.101 hazithibitishi lolote, maana VirtualBox hugawa anwani za 192.168.56 kwa kila mtu. Mstari wa `uname` wenye tarehe 10 Aprili 2008 utafanana kwa wote, kwa sababu umetoka kwenye mashine yenyewe. Kinachosema kitu ni saa ya kufunguliwa kwa kikao, ambayo ni ya mtu mmoja, na anwani ya MAC kwenye matokeo ya `nmap`. Ya VirtualBox kwa kawaida huanza na 08:00:27, ya VMware na 00:0C:29. Mwanafunzi akiandika kwamba alitumia VirtualBox huku picha zikionyesha 00:0C:29, muite mzungumze. Ila wawili waliopeana folda nzima ya VirtualBox wanaweza kuwa na MAC moja kihalali, kwa hiyo uliza kabla ya kuhukumu.

La kufanya ni dogo. Weka kichwa kama hiki juu ya msimbo:

```python
# Chanzo: Exploit-DB, EDB-ID 49757
# Mwandishi: (nakili jina lililo kwenye chanzo)
# Udhaifu: CVE-2011-2523, vsftpd 2.3.4
# Nilichobadilisha: telnetlib -> socket, poti 6200
# Nimejaribu: Metasploitable 2, Python 3.13
```

Usitaje CVE peke yake. Hiyo hutambulisha udhaifu, wala haisemi ni msimbo wa nani. Kichwa cha asili kibaki chini ya chako. Kwenye ripoti rudia chanzo na tarehe ya kupakua. Mashine ya flashi, sema ilitoka kwa mwenzako na uandike alama yake ya SHA-256. Picha za skrini ziwe zako zote. Ukilazimika kutumia ya mtu, andika chini yake ni ya nani. Ukifuata hatua za mwongozo, utaje hapo hatua zinapoanza, usingoje ukurasa wa mwisho. Mkifanya wawili, andikeni nani alifanya nini.

Na kama swali limesema uandike msimbo mwenyewe tangu mwanzo, kichwa hicho hakikuokoi na sifuri. Muulize mhadhiri kwa maandishi kabla hujaanza, na jibu lake ulihifadhi.