Enaji ya Saa Mbili Usiku

Daftari la mdogo wangu linaeleza usiku ule vizuri kuliko yeye mwenyewe. Alikuwa mwaka wa pili chuoni, akipiga msuli kwa ajili ya mtihani wa fiziolojia. Kurasa za mwanzo zimenyooka: vichwa vya mada vimepigiwa mstari, mchoro wa figo una majina yote. Kuanzia ukurasa wa tisa mwandiko unaanza kulala. Ukurasa wa kumi na mbili sentensi moja imeandikwa mara mbili, ya pili chini ya ya kwanza, na mwandishi hakuona.

"Dada, nilikuwa macho kabisa," aliniambia. "Desa lote nililimaliza. Lakini swali la figo lilipokuja niliuona ule ukurasa, nikaona hata rangi ya kalamu niliyotumia. Maneno ndiyo hayakuja."

Alikuwa amekunywa chupa mbili za enaji za nusu lita, moja saa 2 usiku na nyingine saa 6. Akapanda kitandani saa 11 alfajiri, akaamka saa 1 na nusu, na saa 3 asubuhi alikuwa ndani ya chumba cha mtihani.

Lebo ya chupa ilisema kila mililita 100 zina miligramu 32 za kafeini, kiwango cha kawaida kwa vinywaji vya aina hiyo. Nusu lita basi ni miligramu 160, na chupa mbili ni 320. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya ilisema mwaka 2015 kwamba mtu mzima mwenye afya anaweza kutumia hadi miligramu 400 kwa siku, na zisizidi 200 kwa mara moja. Kwa hesabu hiyo kijana hakuvuka mpaka. Tatizo lake lilikuwa saa alizokunywa.

Tangu tunapoamka, ubongo unapofanya kazi hujikusanyia kemikali iitwayo adenosini. Kadiri inavyoongezeka na kukaa kwenye siti zake katika chembe za ubongo, ndivyo macho yanavyozidi kuwa mazito. Kafeini imefanana nayo kiasi cha kuweza kukaa kwenye siti hizohizo, ila ikikaa haileti usingizi. Adenosini inabaki imesimama, kama abiria wa daladala jioni, na kila kituo wanaongezeka. Uchovu haukuondoka wala nguvu haikuingia. Mtu ameacha tu kuusikia uchovu wake, na kafeini inapoanza kushuka, wale waliosimama wanakaa kwa pamoja. Ndiyo maana usingizi wa baada ya enaji humwangusha mtu ghafla.

Na kafeini haishuki upesi. Mtu huanza kuisikia vizuri ndani ya nusu saa hadi saa moja, lakini kwa mtu mzima mwili huchukua kama saa 5 kuipunguza ifike nusu. Hicho ni kiwango cha kati tu: wapo wanaoimaliza haraka, na wanawake wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango huweza kukaa nayo karibu mara mbili ya muda huo. Turudi kwa mdogo wangu. Saa 11 alfajiri chupa ya saa 6 ilikuwa imebakiza kama miligramu 80, na ile ya saa 2 usiku kama 45. Alijilaza akiwa na miligramu 125 mwilini, sawa na mtu aliyemaliza kopo dogo na nusu la enaji ndipo akavuta shuka. Zile saa mbili na nusu alizolala, alizilala juujuu.

Kuna utafiti wa mwaka 2013 ambao huwa naukumbuka kwenye jambo hili. Watu walipewa miligramu 400 za kafeini saa 6 kabla ya kulala. Vipimo vilionyesha usingizi wao ulipungua kwa zaidi ya saa nzima, na wenyewe kwa sehemu kubwa hawakulitambua hilo. Kwa hiyo mwanafunzi anayeapa kwamba enaji haimzuii kulala hadanganyi. Analala kweli, ila usingizi wenyewe ni pungufu.

Upungufu huo unaigusa kumbukumbu moja kwa moja. Mwaka 1924 wanasaikolojia wawili wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, waliwakaririsha wanafunzi wawili orodha za silabi zisizo na maana. Baadhi ya siku waliwapima baada ya saa 8 za kulala, na siku nyingine baada ya saa 8 za kushinda macho. Waliolala walikumbuka zaidi ya nusu. Walioshinda macho walikumbuka karibu moja ya kumi. Ni watu wawili tu, lakini majaribio mengi yaliyofuata yameelekea hukohuko. Unaposoma, habari mpya hushikwa kwanza na sehemu ndogo ya ubongo iitwayo hipokampasi. Ukiwa katika usingizi mzito ubongo huzirudia na kuzihamishia mahali pa kudumu, na usingizi huo mzito huwa mwingi zaidi katika nusu ya kwanza ya usiku. Kijana aliyesoma figo saa 8 usiku kisha akalala juujuu alibaki na ukurasa uliopokelewa lakini haujahifadhiwa. Aliuona, akashindwa kuusoma.

Sukari nayo ina sifa isiyo yake. Chupa ile ilikuwa na gramu 11 za sukari kwa kila mililita 100, yaani gramu 55, vijiko vya chai karibu 14. Mtu aliyekula chakula cha jioni ana glukosi ya kutosha kwa ubongo wake, na ini huendelea kuitoa kidogokidogo usiku kucha. Uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi mwaka 2019 haukuona sukari ikimchangamsha mtu. Uliona uchovu umeongezeka ndani ya nusu saa na umakini umepungua ndani ya saa moja. Anayesikia njaa usiku atafaidika zaidi na kiporo cha maharage au kiazi cha kuchemsha.

Mtihani uliofuata tulipanga upya naye, mezani, kwa kalamu. Kafeini mwisho saa 8 mchana, ili ifikapo saa 5 usiku iwe imebaki kidogo. Mada ngumu zisomwe jioni, kisha taa izimwe saa 5. Akizidiwa mchana, alale dakika 20 badala ya kufungua chupa. Asubuhi chai ya rangi, kikombe kimoja, dakika 45 kabla ya kuingia. Sikumwambia aache kabisa, kwa sababu aliyezoea kafeini kila siku akiiacha ghafla huanza kuumwa kichwa ndani ya saa 12 hadi 24, na siku ya mtihani si siku ya kuijaribu hiyo. Nilimwomba pia aangalie mikono yake: ikitetemeka, moyo ukidunda kwa nguvu au akijikuta anarudia mstari uleule mara tatu, amezidisha au amechoka, na chupa nyingine haitamsaidia. Maumivu ya kifua, mapigo yanayorukaruka au kuzimia ni mambo ya kwenda hospitali usiku uleule.

Usiku wa mtihani huo nilimpigia saa 5 na robo. Simu iliita mpaka ikakatika. Asubuhi alinitumia picha ya daftari: mwandiko umenyooka hadi mstari wa mwisho, na chini yake ameandika saa, 4:50, na neno moja, "nalala".