Masini Inasema Umeiba Kazi Yako Mwenyewe

Mu likizo iliyopita tulimupokea yaya mumoja aliyemaliza humanite mu masomo yetu, na ambaye leo anasoma mu iniversite moja ya Kenya. Alikuja hapa Ruashi kutafuta habari za kazi yake ya mwisho, ile tunaita memware. Kazi inaeleza visima vya maji vya mitaa yetu: nani alivichimba, nani anavitunza, mama wa nyumba anachota ndoo ngapi kwa siku. Alipita nyumba kwa nyumba na daftari yake, na wamoja wetu walimusindikiza. Njo maana tunajua vema kama kazi ile ni yake.

Kiisha kurudi kule, alitutumia habari iliyotushangaza. Masini ya iniversite ilisoma kazi yake na kusema kwamba maneno 91 kwa kila 100 yanafanana na kazi nyingine. Tulimuuliza: “Yaya, ulikopi kwa nani?” Akajibu: “Nilikopi kwangu mwenyewe.” Tulizani ni mchezo. Lakini aliposha kutueleza, tuliona kama jambo hili linaweza kumupata kila mumoja wetu atakayeingia iniversite, na tuliomba ruhusa yake kuliandika hapa.

MASINI INAFANYA NINI?

Masini ile inaitwa Turnitin. Haiko masini ya chuma. Ni programu inayofanya kazi mu ordinatere kubwa za mbali, na iniversite mingi za Afrika ya Mashariki zinailipia. Mwanafunzi anatuma kazi yake. Programu inakata maandiko vipande vidogo vya maneno yanayofuatana, kisha inatafuta vipande sawasawa na vile mu akiba zake. Akiba ni tatu: kurasa za enterneti, vitabu na magazeti ya wataalamu, na ya tatu ni kazi za wanafunzi wengine walizotuma mbele.

Kiisha kutafuta, inatoa raporo. Mu raporo kuko hesabu moja kubwa: maneno mangapi kwa kila 100 yamepatikana kwingine. Kuko na rangi pia. Hesabu ndogo mpaka 24 ni kijani, na kuanzia 75 ni nyekundu. Kazi ya yaya yetu ilikuwa nyekundu kabisa.

Sasa tuangalie vizuri neno moja. Masini inasema “yanafanana”. Haisemi “ameiba”. Haijui nani ni mwenye maneno. Ukiandika barua leo, na kesho ukaandika tena barua ile ile, masini itaona barua mbili zinazofanana, basi. Kuamua kama ni wizi ao hapana, ile ni kazi ya mutu.

NAMNA ILIVYOTOKEA

Mbele ya kurudi Kenya, yaya alikuwa na woga. Alitaka kujua hesabu yake mapema. Rafiki akamuonyesha mutu mumoja mu mji mwenye ordinatere, anayepitisha kazi za watu mu Turnitin kwa dolari 10. Kazi ilikuwa na maneno 8 000. Raporo ilitoka: 17 kwa mia, ni kusema maneno 1 360. Mengi yalikuwa majina ya vitabu mu orodha ya mwisho, na mafungu aliyonukuu waziwazi. Yaya akafurahi, akaweka karatasi mu mfuko.

Kile hakujua ni hiki. Mwenye kufungua nafasi ya kutuma kazi mu Turnitin anachagua kama kazi zitabaki mu akiba ao hazitabaki. Kama hachague kitu, kwa kawaida zinabaki. Kwa kutobakisha, anapashwa kuweka `No repository`. Mutu wa dolari 10 hakuweka. Basi siku ile ile kazi ya visima iliingia mu akiba ya wanafunzi, chini ya jina la koleji fulani ya mbali, kwa sababu konte aliyotumia ilikuwa ya koleji ile.

Wiki tatu nyuma yaya alirekebisha kazi, akaongeza mafungu machache, ikafika maneno 8 400. Akaituma kwa njia ya kweli, mu iniversite yake. Masini ikakuta ndugu yake pacha tayari amelala mu akiba.

NAMNA YA KUTAMBUA

Profesa alimuita na kumuuliza: “Kijana, hii kazi ni ya nani?” Yaya alisema: “Ni yangu, Profesa. Naomba tutazame raporo pamoja.” Na hapo alifanya vizuri, juu hesabu kubwa peke yake haielezi kitu. Inafaa kusoma orodha ya chemchemi, ni kusema pahali maneno yalipatikana.

Mutu aliyekopi huku na huku anapata chemchemi mingi ndogo: 6 kwa mia hapa, 4 kule, 9 pale. Kwa yaya ilikuwa namna nyingine. Chemchemi ya kwanza peke yake ilikuwa na 88 kwa mia, na zote zingine pamoja 3. Pembeni ya ile ya kwanza kuliandikwa `Submitted to` na jina la koleji asiyoijua, na chini yake `Student Paper`. Maana yake: kazi hii ililetwa na mwanafunzi wa koleji ile. Chemchemi moja kubwa hivi, ya aina ya `Student Paper`, inayofuata kazi toka ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, ni alama ya kwamba kazi nzima ilikwisha kupita mu masini.

Lakini alama ile haitoshi kumutetea mutu. Inaweza kuwa kazi yako, na inaweza kuwa ya mwenzako uliyechukua nzima. Na profesa hawezi kuifungua na kuisoma hivi hivi: kazi iliyotumwa mu koleji nyingine inaombwa kwa mwalimu wa kule, na yeye anaweza kukubali, kukataa, ao kunyamaza. Ndiyo maana ile karatasi ya dolari 10 ilikuwa na bei kuliko dolari 10. Juu yake kulikuwa jina la yaya, kichwa cha kazi, tarehe na namba ya kutuma. Pamoja na fishie za zamani za ordinatere yake na daftari ya visima, zilionyesha kazi ilizaliwa wapi.

MTEGO WA HESABU

Hapa njo pahali watu wengi wanaanguka, hata walimu. Masini ilisema 91. Ile kazi ya zamani ilibeba 88. Kwa akili ya haraka tunatoa 88 mu 91, tunabaki na 3, na tunasema: “Kazi ni safi, iko na 3 tu.” Hapana. Ile hesabu ni ya uongo.

Juu ya nini? Juu kila neno linahesabiwa mara moja tu, na masini inalipatia chemchemi kubwa kuliko zote. Chukua fungu ambalo yaya alinukuu kutoka kitabu. Fungu lile liko mu kitabu, lakini liko pia mu kazi yake ya zamani. Kazi ya zamani ni kubwa, basi inalimeza. Kitabu hakionekani tena mu orodha. Ni kama sufuria kubwa iliyofunika visahani vidogo: ukiiangalia toka juu hauoni kuko visahani vingapi chini.

Kumbe inafaa kuinua sufuria. Profesa alichagua chemchemi ile ya kwanza, akabonyeza neno la kuiondoa, `Exclude`, na masini ikahesabu upya. Hesabu mpya haikuwa 3. Ilikuwa 19, ni kusema maneno karibu 1 600 mu maneno 8 400. Visahani vilitokea: orodha ya vitabu, mafungu ya kunukuu, na fungu moja ambalo yaya alisahau kuweka alama za kunukuu. Lile fungu alilirekebisha kwa haya. Angalia basi: wanaotoa 88 mu 91 wangelipitisha lile fungu bila kuliona. Kuondoa kazi ya zamani kunamulinda mwandishi mwema, lakini kunaacha pia kosa lake la kweli lionekane.

MAULIZO MENGINE TULIYOMUULIZA

Je, haiwezekani kufuta ile kazi ya zamani? Mwanafunzi mwenyewe hawezi. Maombi ya kufuta yanapita kwa wenye konte iliyoipokea, na hapa wenye konte ni koleji ya mbali ambayo yaya hakusoma kwayo hata siku moja. Mutu wa dolari 10 hakujibu simu tena.

Je, kila mara unapotuma mara ya pili unakamatwa? Hapana. Kama mwalimu amefungua nafasi moja na kuruhusu kutuma tena, unaporudi mu nafasi ile ile masini hailinganishi kazi na ile yako ya mbele. Mpya inachukua pahali pa ya zamani. Mara tatu raporo inakuja haraka, kiisha inafaa kungoja saa 24. Hatari iko ukitoka mu nafasi moja na kuingia mu nyingine: kazi nyingine, kosi nyingine, ao konte nyingine.

Je, ni haki masini ibaki na kazi ya mwanafunzi? Wanafunzi wane wa sekondari mu Amerika, wa Virginia na Arizona, waliuliza vile mbele ya tribinali. Waliandika juu ya kazi zao kwamba hawataki zibakizwe, na zilibakizwa. Mu mwaka 2008 juji aliwakatalia, na mu 2009 tribinali ya juu ikakubali neno la juji. Basi mu Amerika sheria haikuwasaidia.

KWA KUMALIZA

Yaya alitupatia maneno machache ya kuweka mu kichwa. Mbele ya kupitisha kazi yako kwa mutu yeyote, uliza: “Itabaki mu akiba?” Kama hajui kujibu, ondoka na kazi yako. Kama ilikwisha kupita, chunga raporo ya kwanza, na umwambie profesa mbele masini haijamwambia. Na usianze kubadilisha maneno moja moja kusudi hesabu ishuke: yaya alijaribu usiku mumoja, akaandika “shimo la kioevu” pahali pa “kisima cha maji”, na kesho yake hata yeye hakuelewa kazi yake.

Neno la mwisho. Haya yote ni kwa kazi moja inayokua. Mutu aliyekwisha kupewa poen kwa kazi fulani, na anaileta tena mu kosi nyingine kama mpya, yeye hawezi kusema masini imemuonea.

Memware ya visima ilipokelewa. Yaya ameahidi kututumia kopi moja kwa bibliyoteke yetu; mama wa avenue zetu ni ndani yake, na ndoo zao zimehesabiwa.