CT, MRI au PET: saratani ya mlango wa kizazi imefika wapi?

Mgonjwa akishaambiwa ana saratani, ndugu huanza kuchangishana fedha za "kipimo kikubwa". Kwa kawaida wanamaanisha kile cha bei ya juu kuliko vyote, wakiamini kwamba kinaona kila kitu. Sisi tunaosoma picha hizi tunajua hakuna mashine ya namna hiyo. Kila moja hutafuta kitu chake, na ukiiuliza swali lisilo lake itakupa jibu la kukupoteza.

Nichukue saratani ya mlango wa kizazi, inayowasumbua sana wanawake wa Afrika Mashariki. Kwa miaka mingi daktari alipanga hatua ya ugonjwa huu hasa kwa kuupima kwa mkono. Mwaka 2018 FIGO, shirikisho la kimataifa la madaktari wa wanawake na uzazi, liliruhusu picha zitumike rasmi kupanga hatua. Tezi za limfu nazo zikaingizwa kwenye hesabu: saratani ikiwa imefika kwenye tezi za nyonga ni hatua ya IIIC1, na ikiwa imepanda hadi kwenye tezi zilizo kando ya mshipa mkuu wa tumboni ni IIIC2.

Sasa tumfikirie mama wa miaka 46 anayetokwa damu baada ya tendo la ndoa. Anaishi na VVU na anameza dawa zake vizuri. Kinyama kimekatwa na maabara imethibitisha saratani. Daktari amempima kwa mkono na kukadiria uvimbe wa sentimeta tatu na nusu ambao haujatoka nje ya mlango wa kizazi. Ikiwa ni hivyo kweli, mama huyu anaweza kufanyiwa upasuaji. Ikiwa saratani imeshaingia kwenye nyama za pembeni, kisu hakifai tena, na tiba yake ni mionzi pamoja na sisplatini. Kosa hapa ni la gharama kubwa: mgonjwa aliyepasuliwa kisha ikaonekana saratani imebaki pembeni hulazimika kupata mionzi pia, na madhara ya tiba mbili humwandama kwenye kibofu na utumbo kwa miaka.

Ndugu wameshamlipia CT ya kifua, tumbo na nyonga, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu. CT hutumia eksirei kutofautisha tishu kwa jinsi zinavyozuia mionzi hiyo. Kazi inakwisha kwa dakika chache. Imeonyesha mapafu safi, ini safi, na figo ambazo hazijavimba kwa mkojo kuzibwa njiani. Hayo ni majibu ya maana. Lakini ukitazama mlango wa kizazi wenyewe, uvimbe na nyama nzima iliyouzunguka mara nyingi vinatokea kwa rangi ileile ya kijivu, hata baada ya kuchoma dawa ya kung'arisha picha. Ripoti ikiandika "uvimbe haujatoka nje" kwa kutegemea CT peke yake, mimi siiamini.

Swali la pembeni ni la MRI. Mashine hii haitumii eksirei. Inatumia sumaku na mawimbi ya redio kusoma hidrojeni iliyomo kwenye maji na mafuta ya mwili. Mgonjwa hulala ndani yake nusu saa hadi dakika 45, na mara nyingi huchomwa kwanza dawa ya kutuliza utumbo usichezecheze na kuharibu picha. Kwenye picha tunayoiita T2, mlango wa kizazi wenye afya una pete nyeusi iliyokaza, na saratani huonekana kijivu ndani yake. Nikiona pete hiyo imezunguka yote bila kukatika, naweza kumwambia daktari kwa uhakika mkubwa kwamba pembeni ni salama.

Kwa mama wetu pete imekatika upande wa kushoto, na uvimbe umechomoza vijimizizi kuingia kwenye mafuta ya pembeni. Urefu wake ni sentimeta 4.4, si tatu na nusu. Amehama kutoka hatua ya IB kwenda IIB, na wazo la upasuaji limekufa hapo. MRI nayo ina mtego wake. Ikipigwa siku chache tu baada ya kukata kinyama, uvimbe wa kidonda na damu huweza kuiga saratani iliyotoka nje, na mgonjwa akapewa hatua kubwa kuliko yake. Ndiyo maana huwa tunauliza kinyama kilikatwa lini, na tukiona ni juzi tunapendelea kusubiri wiki moja au zaidi.

Zimebaki tezi za limfu. CT na MRI zote huzihukumu hasa kwa ukubwa: tezi yenye upana wa zaidi ya sentimeta moja hutiliwa shaka. Lakini saratani inaweza kukaa ndani ya tezi ya milimeta saba, na tezi ya milimeta 15 ikawa imevimba kwa maambukizi tu. PET haiulizi ukubwa, inauliza ulaji. Mgonjwa hufunga kula saa nne hadi sita, sukari yake ya damu hupimwa, kisha huchomwa glukosi iliyobandikwa fluorini-18. Hupumzika kama saa moja ndipo apigwe picha, na penye seli zinazokula sukari kwa wingi hung'aa. Fluorini hiyo hupungua nusu kila baada ya dakika 110, kwa hiyo haiwezi kuwekwa stoo. Lazima itengenezwe kwenye saiklotroni iliyo jirani, na hiyo ni sababu mojawapo ya PET kuwa haba na ghali kwetu.

PET ya mama huyu imeng'arisha tezi ndogo kando ya mshipa mkuu wa tumboni, ambayo CT ilikuwa imeipita. Hatua yake sasa ni IIIC2, na uwanja wa mionzi lazima upandishwe hadi usawa wa figo. Lakini tezi za kifuani nazo zimeng'aa, kulia na kushoto kwa ulinganifu. Msomaji mwenye haraka angeandika kwamba saratani imefika mbali, yaani hatua ya IVB, na mama angepewa dawa za kupunguza maumivu badala ya tiba ya kuponya.

Hapa ndipo PET inapohitaji akili ya kwetu. Tezi yenye kifua kikuu hula sukari vilevile kama saratani, na tezi za mtu mwenye VVU zinaweza kung'aa bila ugonjwa mwingine wowote. Ulinganifu wa pande mbili, kwenye mapafu yaliyo safi, unanishawishi zaidi kuwa ni maambukizi. Hata hivyo kushawishika hakutoshi. Tezi ya kifuani inapaswa kutolewa kinyama, na ya mama wetu ilionyesha kifua kikuu. Akaanza dawa za kifua kikuu, na mpango wa mionzi ya kuponya ukaendelea.

Kama mfuko unaruhusu kipimo kimoja tu cha ziada baada ya daktari kumpima mgonjwa, mimi naanza na MRI ya nyonga, maana ndiyo inayoamua kati ya kisu na mionzi. Mapafu na figo zinaweza kuangaliwa kwa eksirei ya kifua na ultrasaundi. PET naiweka kwa uvimbe wa kuanzia sentimeta nne, au pale tezi zinapotia shaka, kabla mionzi haijapangwa. Kwa uvimbe mdogo wa chini ya sentimeta mbili, PET huwa fedha iliyotupwa.

Kabla ya kulipa, mwulize daktari: kipimo hiki kikija na jibu moja tutafanya nini, na kikija na jibu jingine tutafanya nini? Kama tiba ni ileile kwa majibu yote mawili, weka fedha yako. Ukishapimwa, omba diski ya picha pamoja na karatasi ya majibu, kwa sababu daktari wa mionzi atahitaji kuziona picha zenyewe.